Kope, kucha na hina ya bibi harusi

SALIM: Karibuni tena. Leo tumepanga mahali pane pa kutazamia upungufu wa damu: kope, kucha, kiganja na ulimi. Lakini Bi Zuhura ameingia na kisa cha turubai, basi naona mpango umeshaharibika.

ZUHURA: Hata sijafungua mdomo! Wiki hii, kliniki ya wajawazito uwanjani kule Kisauni, tumefungiwa turubai la bluu. Jua likipita juu, chini yote bluu. Ukishusha kope, kila mama hana damu.

SALIM: Bluu inachuja nyekundu. Wekundu tunaoutafuta ni wa himoglobini, ile rangi ya damu iliyo kwenye mishipa midogo, na ili uuone lazima mwanga wenyewe uwe na nyekundu ya kurudisha.

ZUHURA: Na turubai la rangi ya machungwa ni hatari zaidi, maana linampa wekundu asiokuwa nao, naye anaondoka bila kupimwa. Tulihamisha viti chini ya mwembe, mgonjwa akielekea uwazi, jua lisimpige usoni. Wengi kope zikarudi nyekundu. Mmoja, mimba ya wiki 28, hazikurudi.

SALIM: Waeleze ulivyotazama.

ZUHURA: Nawa mikono. Mwambie atazame juu. Kidole gumba chini ya kope, juu ya mfupa wa shavu, vuta taratibu. Usikandamize, damu itakimbia uite ni upungufu. Sasa linganisha sehemu mbili: ukingo wa mbele, karibu na nywele za kope zinapoota, na bonde la ndani linapokutana na jicho. Kwa mzima, mbele ni nyekundu zaidi na ndani ni pinki. Tofauti hiyo ikipotea, mbele kumefifia kama ndani, hapo shuku.

SALIM: Ndiyo faida yake kwetu watu weusi. Unamlinganisha mtu na yeye mwenyewe, hulinganishi na picha ya kitabu. Wengine wana madoa ya kahawia humo ndani, ni rangi ya mwili tu. Tazama baina ya madoa.

ZUHURA: Ila huyu alikuwa na wanja.

SALIM: Wa harusi?

ZUHURA: Wa harusi, na hina, na piko! Wanja umekaa palepale kwenye ukingo wa mbele. Nikaufuta kwa pamba yenye maji safi, nikangoja dakika chache, maana ukisugua, jicho linawiva jekundu likakudanganya. Vumbi, moshi wa jiko na macho mekundu ya maradhi ni vivyo hivyo.

SALIM: Na kucha?

ZUHURA: Nyeusi, kumi zote.

SALIM: Za miguuni?

ZUHURA: Pia. Viganja, maua mpaka viwiko.

SALIM: Yakhe, huyo alikuwa bibi harusi au ukuta wa Mji wa Kale?

ZUHURA: Dadake bibi harusi. Na hina ya kucha haitoki kama ya ngozi. Ngozi inajivua, wiki mbili tatu imekwisha. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, basi subiri miezi mitano sita.

SALIM: Mtoto ashazaliwa, ukucha bado haujaonyesha kitu! Ndiyo maana nasema, Pwani tuondoe kucha kwenye mafunzo. Hina, rangi, baridi, na ile mistari ya kahawia ambayo kwa watu weusi ni ya kawaida. Unatazama kupitia ukucha kitu usichokijua.

ZUHURA: Sikubali. Wanaume na watoto hawapaki. Kope ikiwa imevimba au imewiva, utatazama wapi?

SALIM: Ulimi. Na kipimo.

ZUHURA: Kipimo hakipo kila pahali, Salim.

SALIM: Basi ndiyo maana dalili iwe nzuri. Ukucha dhaifu unampa mhudumu sababu ya kusema "yuko sawa".

ZUHURA: Au sababu ya kumpeleka kupimwa. Ukiona kucha zimepauka na kope haieleweki, mpeleke.

SALIM: Na zikiwa nyekundu?

ZUHURA: Hazimwondolei shaka. Nimesema hivyo siku zote.

SALIM: Husemi hivyo ukifundisha.

ZUHURA: Nasema, wewe huwa unapiga simu.

SALIM: Haya. Kipimo kilitoka ngapi?

ZUHURA: Himoglobini gramu 8.6 kwa desilita. Kwa mjamzito chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni mkali. Angekuwa na 10, huenda kope ingeonekana nzuri tu. Upungufu mdogo jicho haliuoni, kwa hivyo mjamzito anapimwa hata kope ikiwa nyekundu.

SALIM: Fundi anatuonyesha saa. Kiganja cha mtoto hatujagusa.

ZUHURA: Moja tu: usinyooshe vidole vyake kwa nyuma, kiganja kinapauka chenyewe.

SALIM: Na ulimi?

ZUHURA: Wiki ijayo. Na kucha zangu.

SALIM: Za kwako zina hina.