Kipu: Daftari la Wainka Lililofungwa kwa Mafundo

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko milima ya Andes, kwa Wainka. Hawa watu walitawala eneo kubwa kabla Wahispania hawajaingia mwaka 1532, wakakusanya kodi na kuhesabu watu, na hawakuandika hata mstari mmoja wa wino. Kaka Hamisi, waliwezaje?

HAMISI: Kwa kipu, dada. Kuna kamba kuu moja, na kwenye hiyo kamba zimefungwa nyuzi zinazoning'inia, za pamba au za manyoya ya alpaka na lama, wanyama wanaofugwa huko. Namba ziko kwenye mafundo.

NEEMA: Basi nifundishe kusoma uzi mmoja.

HAMISI: Tuseme namba ni 352. Juu, karibu na kamba kuu, unakuta mafundo matatu ya kawaida: mamia. Unaruka nafasi kidogo, unakuta matano: makumi. Chini kabisa kuna fundo moja refu, ambalo uzi wake umezungushwa mara mbili kabla ya kukazwa. Hayo ndiyo mamoja. Mmarekani Leland Locke ndiye aliyeuonyesha mpangilio huu mwaka 1912.

NEEMA: Kwa nini mamoja yapewe fundo la peke yake?

HAMISI: Linakuonyesha namba imeishia hapo. Uzi mmoja unaweza kubeba namba mbili au tatu, moja chini ya nyingine. Ukishaona fundo refu, unajua kinachofuata ni namba mpya.

NEEMA: Ngoja. Na moja je? Ukizungusha mara moja tu, si unapata lile fundo la kawaida?

HAMISI: Hapo umewanasa! Ndiyo maana moja ya mwisho waliifunga kwa fundo lenye umbo la nane. Na sifuri haina fundo kabisa, wanaacha pengo. Kwa 302, mahali pa makumi panabaki patupu. Pengo hilo unaliona vizuri nyuzi zikiwa zimelala sambamba, kwa sababu makumi ya nyuzi zote hukaa kwenye mstari mmoja. Uzi uliokatika ukabaki peke yake, hapo utahangaika.

NEEMA: Na mtunza kipu akikosea, au akiamua kuiba?

HAMISI: Jumla inamuumbua. Kwenye baadhi ya kipu kuna uzi uliofungwa kuelekea juu, na namba yake ni jumla ya nyuzi za kundi lake. Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa Puruchuco, karibu na Lima, nchini Peru. Mwaka 1956 zilipatikana kipu kadhaa pamoja ndani ya nyumba moja. Watafiti Gary Urton na Carrie Brezine walizilinganisha, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Namba za kipu za ngazi ya chini zikijumlishwa kwa makundi, zinatokea kwenye kipu ya ngazi ya juu yake. Tena katika ngazi moja kuna kipu zinazokaribia kufanana, kama vile mmoja alikuwa anamkagua mwenzake.

NEEMA: Huo ni ukaguzi wa hesabu kabisa. Lakini walikuwa wanahesabu nini? Lama? Mahindi?

HAMISI: Hapo ndipo tumekwama. Namba tunazisoma, kitu kilichohesabiwa hatukijui. Kipu za ngazi za juu pale Puruchuco zinaanza na mafundo matatu ya umbo la nane, na watafiti hao wanadhani huenda ndilo jina la mahali.

NEEMA: Ina maana maelezo mengine yalikuwa kichwani mwa msomaji?

HAMISI: Sehemu, ndiyo. Lakini usidharau. Mwaka 1561 machifu wa Hausha, eneo la milimani huko Peru, walikwenda mahakama ya Wahispania pale Lima wakiwa na kipu, wakasoma kila walichowapa Wahispania tangu wakati wa Pizaro, kiongozi wa Wahispania waliovamia: lama, mahindi, nguo. Na vilivyoporwa walivitaja kando na vilivyotolewa. Karani alikuwa anaandika tu.

NEEMA: Hapo nimewavulia kofia. Na hadithi je, barua?

HAMISI: Kuna kijiji cha Kolata, huko huko Peru, wanatunza kipu mbili za karne ya 18. Wazee walimwambia mtafiti Sabine Hyland kwamba ni barua za machifu kuhusu vita. Mwaka 2017 yeye alihesabu alama 95 tofauti, zinazotokana na rangi, aina ya manyoya na upande uzi uliposokotewa. Mzee mmoja alimwambia lazima uzishike kwa mkono, maana manyoya ya mnyama mmoja na mwingine hutofautiana.

NEEMA: Alama 95 ni nyingi mno kwa hesabu.

HAMISI: Ndiyo, zinatosha hata kuandika silabi. Ila ni za wakati wa Wahispania, dada. Watu hao walishaona barua za karatasi, kwa hiyo mimi siwezi kuzitumia kudai kwamba Wainka wenyewe waliandika hivyo.