Tanuru la chuma hatua kwa hatua: koki inafanya kazi gani, mawe ya chokaa yanafanya kazi gani

Haya jamani, leo tunachora lile tanuru refu la viwandani la kuyeyushia chuma, shika karatasi uchore na mimi. Ila kabla ya kalamu kugusa karatasi, kumbuka jiko la mkaa la nyumbani. Likishakolea unaona vimiali vya bluu vinachezacheza juu ya mkaa, si ndio? Vishike kichwani, tutavirudia.

Kwanza chora umbo, kama chupa nene refu, mdomo juu, kitako chini. Juu unaandika vitu vitatu vinavyoingia kwa zamu: madini ya chuma (tutumie hematiti, Fe2O3), koki, na mawe ya chokaa, CaCO3. Koki ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka moshi na lami vikatoka, ikabaki kaboni ngumu. Pale karibu na kitako weka mishale ya kuingia ndani, hapo ndo inapulizwa hewa iliyopashwa moto tayari, kama digrii 1000 hadi 1200.

Sasa anza kusoma mchoro kutoka chini kwenda juu, maana gesi inapanda. Hewa ikikutana na koki inawaka kwelikweli, hapo joto linafika digrii 2000 na zaidi:

C + O2 → CO2

Ile CO2 haiachwi itoke. Inapanda ikipita kwenye koki nyekundu, inageuka:

CO2 + C → 2CO

Hii sasa ndo ile bluu ya jikoni! Kwenye jiko CO inafika juu, inakutana na hewa, inawaka bluu. Ndo gesi hiyohiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Kwenye tanuru haikuti hewa, inakuta madini, basi inayanyang'anya oksijeni:

Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2

Hapa wengi wanakosea, wanaandika koki inanyang'anya oksijeni moja kwa moja. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na CO kwa sababu gesi inapenya kwenye vitundu vya jiwe, koki ni donge, itagusa nje tu. Kule chini kwenye joto kali kaboni yenyewe inamalizia oksijeni iliyobaki, lakini huko ni kumalizia.

Na koki ina kazi nyingine ambayo watu wanaisahau, kubeba. Vingine vyote vikilainika yenyewe bado ngumu, inashikilia mzigo wote wa juu na kuacha njia za gesi kupita. Koki dhaifu inasagika unga, njia zinaziba, presha ya hewa inapanda na mzigo unakwama badala ya kushuka.

Haya, mawe ya chokaa. Madini yana uchafu, hasa silika, yaani mchanga, na mchanga peke yake hauyeyuki kirahisi humo ndani. Mawe yakifika kwenye joto la kama 900 yanaungua, kama kwenye matanuu ya chokaa ya pwani:

CaCO3 → CaO + CO2

halafu CaO inaudaka mchanga:

CaO + SiO2 → CaSiO3

Hiyo ndo slagi. Inayeyuka, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko chuma inaelea juu yake, kwa hiyo kwenye kitako chora tabaka mbili, chuma chini.

Tupige hesabu. Unataka tani 1 ya chuma, madini yako yana silika kilo 90. Usikimbilie kuishia hapo, koki nayo ina majivu! Koki kilo 500 yenye majivu asilimia 12 inakupa majivu kilo 60, tuseme nusu yake silika, kilo 30. Jumla 120. Kila kilo 60 za silika zinataka kilo 100 za CaCO3, basi weka kilo 200, utapata slagi kilo 232 na kilo 88 za CO2 zitapanda juu. Ukizidisha mawe unalipa kwa koki, maana kuyaunguza kunakula joto.

Ukipunguza je? Slagi inakuwa nzito, haitiririki, na salfa iliyokuja na koki inabaki kwenye chuma, kikipashwa moto kukifua kinapasuka. Namna ya kujua ni kuchovya fimbo ya chuma kwenye slagi wakati inatolewa, ikivutika nyuzi ndefu kama utomvu wa fenesi basi chokaa ni kidogo, ikikatika fupifupi chokaa ipo ya kutosha. Ukiona nyuzi ongeza mawe, ila usikae hapo unasubiri ibadilike, unachomwaga juu sasa hivi kinachukua kama masaa 6 mpaka 8 kufika chini.