Nyonga ya mama mkubwa: picha safi, mfupa una ufa

NESTORI: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Kigoma mjini, mvua imetoka kunyesha na bati la jirani bado linatiririsha maji, kwa hiyo mkisikia kelele nyuma mtuwie radhi. Leo niko na dada Zuhura, tabibu ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi wodi ya mifupa. Na safari hii kisa ni cha nyumbani kwetu. Mama mkubwa wangu amekubali nikisimulie, ila jina lake nisilitaje.

ZUHURA: Pole yake, na nashukuru amekubali. Simulia taratibu basi, maana kwenye kisa kama hiki siku zenyewe ndizo zinazosema.

NESTORI: Ana miaka 73, anakaa Ujiji. Magoti na nyonga vinamsumbua muda mrefu, asubuhi akiamka anatembea kwa kukakamaa mpaka mwili upate moto. Sasa Jumatatu moja alikuwa anaanua dagaa, wingu limeshatanda, akateleza. Wala si kuanguka kwa kishindo, alikaa chini upande wa kulia. Akainuliwa, akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe ameshikwa mkono.

ZUHURA: Hapo hapo, kaka. Aliingia kwa miguu yake. Watu wakisikia hivyo wanasema basi hakuvunjika.

NESTORI: Ndivyo tulivyosema wote, na mimi nikiwemo.

ZUHURA: Kumbe fupa la paja linaweza kupasuka pale shingoni, chini kidogo ya kichwa kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga, na vipande vikabaki vimesukumana na kushikana. Mfupa umevunjika lakini haujaachana. Mgonjwa wa namna hiyo anachechemea, wengine wanatembea siku kadhaa. Kwa bibi ambaye mifupa yake imeshakuwa myepesi, kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe kunatosha kabisa kufanya hivyo.

NESTORI: Usiku hakulala. Jumanne tukampeleka kupigwa picha ya eksirei. Picha ikaonyesha nyonga zote mbili zimelika, gegedu imeisha. Tukaambiwa mfupa haujavunjika, hii ni baridi yabisi imeamshwa na kuanguka. Akachomwa sindano ya diklofenaki, akapewa vidonge, tukarudi nyumbani tumefurahi.

ZUHURA: Sitamlaumu aliyeisoma, kwa sababu alichosema kuhusu kulika ni kweli. Shida ni kwamba jibu la kweli lilitolewa kwa swali jingine. Ile gegedu haikuisha Jumatatu. Imekuwa ikiisha miaka kumi, na Jumapili mama alikuwa anatembea, anachota maji, anachuchumaa. Kwa hiyo picha inaeleza kwa nini anakakamaa asubuhi, ila haielezi kwa nini Jumanne hawezi kukanyaga. Yabisi ya nyonga inapanda na kushuka, tena mara nyingi kidogo kidogo. Maumivu yaliyoanza saa ile ile ya kuanguka, na mtu akashindwa kufanya alichofanya jana yake, mimi nayahesabu kuwa ya mfupa uliovunjika mpaka nithibitishe vingine.

NESTORI: Lakini picha ilikuwa safi, dada. Sasa mtu wa kawaida atabishana vipi na picha?

ZUHURA: Picha inaonyesha ufa pale tu mfupa umeachana kidogo au umesogea. Ufa mwembamba kwenye mfupa uliopungua madini haupati kivuli cha kutosha. Halafu kuna jambo la jinsi mgonjwa alivyolazwa. Shingo ya fupa la paja imeelekea mbele kidogo. Mgonjwa mwenye maumivu analaza mguu ukiwa umegeukia nje, na ukigeukia nje ile shingo inaonekana fupi, imejikunja, ufa unajificha. Ndiyo maana mpiga picha hodari anaugeuza mguu ndani kama digrii 15 ikiwa mgonjwa anavumilia, kisha anapiga nyingine ya ubavuni. Picha moja ya mbele peke yake, mguu umegeuka nje, haitoshi kumruhusu bibi arudi nyumbani.

NESTORI: Na mkono wa tabibu wenyewe, bila mashine? Maana wengine wako vijijini huko, au visiwa vya ziwani, hakuna picha kabisa.

ZUHURA: Mkono unasema mengi. Kwanza namwuliza aniwekee kidole mahali panapouma. Wa nyonga yenyewe anaweka kwenye kinena, au anasema maumivu yanashuka mbele ya paja hadi gotini. Hilo goti linapoteza watu njia, bibi anapakwa dawa ya goti wakati ugonjwa uko juu. Akiweka kidole ubavuni nje, au tako, nafikiria na mengine. Kisha alale chali, nishike mguu wake nyooka, niubingirishe kwa upole ndani na nje kama unavyobingirisha mti wa kusukumia chapati. Mwenye yabisi atahisi umekaza ukifika mwisho wa mzunguko. Mwenye ufa anashtuka mwanzoni kabisa, kabla sijafika popote.

NESTORI: Mama mkubwa alishtuka hata shuka likivutwa.

ZUHURA: Unaona. Halafu namwomba ainue kisigino kitandani mwenyewe, mguu ukiwa umenyooka. Akishindwa, au akilazimika kuinua paja kwa mikono, hiyo ni dalili nzito. Na nagonga kisigino polepole kwa ngumi. Maumivu yakiruka hadi kinenani, naacha, sihitaji kurudia.

NESTORI: Kuna kile kipimo cha stetoskopu uliwahi kunionyesha.

ZUHURA: Nakipenda, kwa sababu hata zahanati inakiweza. Unaweka stetoskopu juu ya mfupa wa kinena, katikati, halafu unagonga kwa kidole pia ya goti la upande mzima, unasikiliza. Unarudi upande unaouma, unagonga kwa nguvu ile ile. Mfupa mzima unapitisha sauti vizuri, inafika kali. Mfupa uliokatika unaifisha, inafika hafifu, kama umegonga ukuta wa udongo. Tofauti kati ya pande mbili ndiyo jibu. Sauti zikilingana, lakini, usimwambie mtu yuko salama, maana kipande kilichoshikana vizuri bado kinapitisha sauti.

NESTORI: Sasa niendelee, maana sehemu hii inaniuma. Siku ya nne alikuja mama mmoja jirani, mzuri tu, kumchua kwa mawese ya moto. Akauvuta mguu, akaukunja. Mama mkubwa alilia, tukasema ndiyo dawa inaingia.

ZUHURA: Kaka, pole. Watu wanachua kwa upendo. Ila nyonga iliyoumia kwa kuanguka isivutwe wala isikunjwe, kwa sababu kinachovishika vile vipande ni msuguano wao tu. Hata zile sindano zina upande wao mbaya: zinapunguza maumivu, mgonjwa anainuka na kukanyaga. Tena kwa bibi mwenye presha na figo zilizochoka diklofenaki si ya kuchezea. Kwa kusubiri uchunguzi, parasetamoli kwa kipimo cha mtu mzima ndiyo ya kuanzia.

NESTORI: Siku ya tisa, alfajiri, alikwenda chooni. Choo chetu cha kuchuchumaa. Alipotaka kuinuka tukasikia mlio, akapiga yowe. Tulipombeba, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na vidole vya mguu vimetazama ukutani, nje kabisa.

ZUHURA: Hapo vipande viliachana. Mguu kufupika na kugeukia nje, hata mtoto ataona. Picha ya pili haikuhitaji mtaalamu, sivyo?

NESTORI: Hata mimi niliuona.

ZUHURA: Nieleze kwa nini siku tisa zilikuwa na thamani. Mishipa mingi ya damu inayolisha kichwa cha fupa la paja inapanda kwa kuambaa na ile shingo. Vipande vikiwa bado vimeshikana, mishipa mingi ipo, na daktari wa mifupa anapitisha skrubu, mara nyingi tatu, kupitia tundu dogo ubavuni. Mgonjwa anabaki na kichwa chake. Vikiachana, mishipa inachanika, na kichwa kinaweza kufa. Ndiyo maana kwa mtu wa umri wa mama mkubwa wanaondoa kichwa na kuweka cha chuma.

NESTORI: Ndicho walichofanya Mwanza. Siku zile tisa tungefanya nini hasa, dada? Nataka msikilizaji wa Gungu au Kasulu ajue.

ZUHURA: Siku ile ile ya Jumanne, picha ikiwa safi na bibi hawezi kukanyaga, mngeuliza hivi: "Daktari, tunaweza kupata siti skani au MRI ya nyonga hii?" MRI ndiyo yenye macho kuliko zote, inaona uvimbe ndani ya mfupa tangu siku ya kwanza. Haipatikani kila mkoa. Siti skani iko karibu zaidi siku hizi na inakamata nyingi, ingawa ufa mwembamba sana unaweza kuiponyoka. Kama vyote viko mbali, mgonjwa anatunzwa kama aliyevunjika: hakanyagi mguu ule kabisa, anatumia beseni la kitandani, na picha inarudiwa baada ya siku saba hadi kumi na nne, kwa sababu kingo za ufa huwa zimelika kidogo na sasa zinaonekana. Maumivu yakizidi ghafla kabla ya hapo, hamsubiri tarehe.

NESTORI: Na kulala huko?

ZUHURA: Kusubiri ni kwa siku chache, na huku mnatafuta rufaa. Bibi akilala wiki nyingi mapafu yanajaa, damu inaganda mguuni, mgongo unachubuka. Ageuzwe kila saa mbili na mto katikati ya magoti, avute pumzi ndefu, anywe maji. Wengine wananyimwa maji ili wasisumbue kwenda haja, jamani msifanye hivyo. Na kumsafirisha ni kwa kulala, si kwa bodaboda akiwa amepanua miguu.

NESTORI: Kuna aliyeniuliza: je, kila picha safi yenye maumivu kinenani ni shingo ya paja?

ZUHURA: Hapana. Wengine wamepasuka mfupa mwembamba wa mbele wa kinena. Huo unauma sana lakini mara nyingi unapona bila upasuaji, na wanaruhusiwa kuanza kukanyaga mapema kadiri wanavyoweza. Siti skani ndiyo inayotenganisha. Na wapo walio na yabisi tu kweli. Hao utawajua: siku ya pili ya tatu wanapata nafuu, wanakanyaga vizuri zaidi kuliko jana. Anayezidi kuwa mbaya kila siku si wa yabisi.

NESTORI: Mama mkubwa sasa ana mwezi wa tano tangu upasuaji. Anatembea na kigari cha kushikilia, anafika barazani.

ZUHURA: Na chooni anakwendaje? Asichuchumae, hiyo nyonga mpya inaweza kuchomoka ikikunjwa sana.

NESTORI: Fundi wa Mwanga ametuchongea kiti cha mbao chenye tundu, tumekiweka juu ya shimo, na ukutani pana bomba la kushika. Mwanzoni alikikataa, anasema ni cha wageni.

ZUHURA: Kimo chake? Magoti yasizidi nyonga kwa juu.

NESTORI: Sijapima. Nikitoka hapa napitia Ujiji na futi kamba.