Pesa ya saluni na pesa ya nyumbani: mhadhara kwa wenye saluni na wapaka hina, Mombasa

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja, najua Jumatatu ndiyo siku yenu ya kupumzika.

Leo nataka tuiangalie simu. Wengi wenu mna laini moja tu. Mteja wa kusuka analipia humo, kaka aliye Dammam anatuma ya dawa za mama humo, na zamu yako ya chama ikifika pesa inaingia humo humo. Halafu ukitaka unga jioni, unalipa kutoka humo.

Ukiagiza stetimenti ya M-Pesa, kwa programu ya simu au kwa *334#, utaona safu imeandikwa "Paid In". Pesa zote zilizoingia zimepangwa hapo, na kwenye "Details" kuna jina la aliyetuma. Hakuna panapoandikwa kwamba huyu ni mteja na yule ni ndugu. Mkaguzi wa KRA akitaka kujua unauza kiasi gani, na wewe huna daftari, njia yake ni kujumlisha zilizoingia benki na kwenye simu na kuzihesabu kuwa mauzo. Ukisema hizi hazikuwa za biashara, kuthibitisha ni juu yako. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015: mzigo wa kuonyesha kwamba makadirio si sahihi anaubeba mlipa kodi.

Tumchukue dada mwenye saluni Majengo. Ni mfano niliouunda, lakini mtajiona humo. Anasuka, anapaka hina na piko, na msimu wa harusi anawapamba mabibi harusi. Mwezi huu simu yake imepokea shilingi 138,000. Tukikaa naye na kalamu, mstari kwa mstari, tunapata hivi: wateja 74,000, zamu ya chama 20,000, kaka 15,000, mkopo wa sako 25,000, na rafiki aliyemrudishia deni, 4,000. Kando ya simu, wateja wengine walimlipa taslimu 6,000. Kwa hiyo mauzo yake ya kweli ni 80,000.

Sasa tuyapeleke kwa mwaka. Tuseme kila mwezi una mchanganyiko kama huo, mwezi huu mkopo, mwezi ujao mchango wa harusi. Mauzo ya kweli ni 960,000 kwa mwaka. Simu inasema 1,656,000. Tangu Julai 2023, mwenye mauzo yanayozidi milioni moja mpaka milioni 25 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya mauzo ghafi, ile mnayoiita TOT. Ni asilimia 3 ya mauzo yote bila kutoa matumizi, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Dada yetu kwa haki hajafika milioni. Lakini kwa simu yake ameivuka, na asilimia 3 ya 1,656,000 ni 49,680. Humo analipia kodi mkopo wa sako, ambao atauregesha na riba, na dawa za mama yake.

Kwa kuwa yuko chini ya milioni, njia yake ni ritani ya mwaka, inayowasilishwa kwa iTax kabla ya mwisho wa tarehe 30 Juni. Hapo anakatwa kodi ya faida, na faida haipatikani bila matumizi yaliyoandikwa. Kila mwezi kodi ya chumba ni 14,000, msusi anayemwita siku za wingi 12,000, bidhaa 19,000, umeme na maji 4,000. Jumla 49,000. Faida ni 31,000 kwa mwezi, 372,000 kwa mwaka. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Zilizobaki, 84,000, zinatozwa asilimia 25, ambayo ni 21,000. Ukijumlisha ni 49,800, kisha anapewa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800. Analipa 21,000.

Na lau matumizi hayo hana pa kuyaonyesha? Basi 960,000 yote inageuka faida, na hesabu ile ile inatoa 196,600. Nimeirudia hesabu hii mara mbili kabla ya kuja ili nisiwatishe bure. Ni saluni ile ile na vidole vile vile vinavyosuka. Kinachotofautisha 21,000 na 196,600 ni karatasi.

Wapo wenye PIN wanaopeleka ritani ya sufuri kila Juni kwa sababu "biashara ni ndogo". Dada zangu, hilo msilifanye. Sufuri ni ya asiyekuwa na kipato. Ukiwa na wateja, peleka hesabu yako ya kweli, hata kama kodi itakuja kidogo au isije kabisa.

Tuje kwenye kutenganisha. La kwanza ni mlango wa pesa. Chukua Pochi la Biashara, au namba ya tili ya Lipa na M-Pesa. Pochi inakaa kwenye laini uliyo nayo, lakini salio lake ni mbali na salio lako la kawaida, na lina orodha yake ya miamala. Iandike namba ukutani karibu na kioo, na mteja akiuliza "nitume wapi?" mwonyeshe hapo. Kaka wa Dammam na chama waendelee na laini ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, stetimenti ya biashara itakuwa karibu yote ni mauzo, na mistari ya kueleza itakuwa michache.

Kuna pesa moja inayowaponza wapambaji: ile ya kupitia. Bibi harusi anakutumia 30,000, na ndani yake kuna 12,000 za mpiga picha uliyemtafutia. Ukiipokea yote na kuandika risiti ya yote, mauzo yako ni 30,000. Mwambie amlipe mpiga picha mwenyewe. Arbuni nayo iandike siku iliyoingia, kwa jina na tarehe ya harusi. Harusi ikivunjika na ukairudisha, andika pia siku uliyoirudisha na ulivyoirudisha, kwa sababu simu haitaeleza kwamba zile zilizotoka zilikuwa za mteja yule.

La pili ni droo. Pesa taslimu haina stetimenti, kwa hivyo daftari ndilo litakalosema. Piga mistari upate tarehe, kazi, taslimu, simu, matumizi, na safu ya mwisho iandike "nyumbani". Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Jioni kabla ya kufunga, hesabu. Asubuhi uliacha 1,000 za chenji, mchana ukapokea taslimu 3,700, ukanunua pakiti za nywele za 450. Droo inatakiwa iwe na 4,250. Ukihesabu unapata 3,750. Zile 500 ziko wapi? Ukiuliza jioni ile ile utakumbuka: tuktuk ya mtoto kutoka madrasa na mkate wa mayai. Andika 500 kwenye "nyumbani", siku imefungwa. Ukiuliza Ijumaa, hutakumbuka. Na pengo likijirudia kila siku anapokaa msaidizi fulani, utalijua mapema, bila kumshuku mtu kwa kubahatisha.

Safu hiyo ya "nyumbani" si matumizi ya biashara. Wengi hujiandikia "mshahara wangu 20,000" na kuutoa kwenye faida. Biashara ikiwa ni yako peke yako, huwezi kujilipa mshahara ukapunguza kodi; unachochukua ni faida yako mwenyewe, na kodi yake imo katika ile hesabu ya juu. Ninachowashauri ni kuchukua mara moja kwa wiki, siku ile ile, kwa kiasi kimoja, kutoka Pochi kwenda laini yako. Ukichomoa mia mbili mia mbili kila saa, mwisho wa mwezi una mistari sitini ya kueleza. Hina na udi ukivitoa dukani kwa harusi ya binti yako, viandike hapo hapo kwa bei uliyonunulia.

Mkopo wa sako nao una sehemu mbili. Ulipoingia haukuwa mauzo. Unapoulipa, ile asili ya mkopo si matumizi. Riba peke yake ndiyo matumizi, na hilo ni kama mkopo ulikuwa wa saluni. Ukinunulia friji ya nyumbani, hata riba yake ni ya nyumbani.

La tatu, risiti za bidhaa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Tangu Januari 2024, matumizi yasiyokuwa na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa machache kama mishahara ya wafanyakazi. Ukinunua mafuta na rangi za nywele kwa jumla, taja PIN yako kabla muuzaji hajapiga ankara. Kijikaratasi cha mkono kitakusaidia kujua faida yako, lakini hakitapunguza kodi. Bei ya mtaani ikiwa nafuu kwa shilingi hamsini bila ankara, piga hesabu kwanza uone unachookoa na unachopoteza. Na wewe pia unatakiwa kutoa ankara. Kwa wadogo kama sisi kuna eTIMS Lite kwa *222#, haihitaji mashine.

Dada mmoja hapa mbele ameuliza: daftari likiandikwa Kiswahili, KRA watalikubali? Watalikubali. Sheria inataka kumbukumbu ziwe katika mojawapo ya lugha rasmi, na Kiswahili ni lugha rasmi. Zihifadhi miaka mitano. Wino wa risiti za mashine unafutika kwa joto letu hili, kwa hiyo zipige picha siku ile ile na uziweke kwenye barua pepe yako.

Mwingine ameuliza: na miezi iliyopita, ambayo pesa zimeshachanganyika? Agiza stetimenti ya tangu Januari, ichapishe, ukae nayo na kalamu mbili. Kila mstari wa kuingia utie herufi: M kwa mteja, N kwa ndugu, C kwa chama, K kwa mkopo, D kwa deni lililorudi. Anza na mwezi uliopita ukirudi nyuma, maana ndio unaoukumbuka. Palipo na C weka picha ya ukurasa wa daftari la chama wenye jina lako na tarehe. Palipo na K weka barua ya sako. Mstari usioukumbuka hata kidogo uhesabu kuwa ni M, uulipie, uendelee.

Haya, aliyekuja na stetimenti yake aisogeze hapa mezani, tuanze na mwezi mmoja.