Kuhesabu Nguzo na Waya wa Uzio wa Shamba la Mstatili

Mabibi na mabwana, wakulima wa Malindi,

Nimechagua shamba moja tu ili tulihesabu pamoja hadi mwisho. Ni shamba la mstatili lenye urefu wa mita 120 na upana wa mita 75, na lango moja la mita 4 katika upande mrefu unaotazama barabara. Mzingo wake ni mita 390, na nguzo tutazisimamisha kila baada ya mita 3.

Wengi wetu huhesabu upande mmoja mmoja. Upande wa mita 120 una nafasi 40, kwa hiyo una nguzo 41, kwa kuwa huanza kwa nguzo na kuishia kwa nguzo; upande wa mita 75 una nafasi 25 na nguzo 26. Ukijumlisha pande zote nne unapata 134, na hapo ndipo fedha zinapopotea, maana kila nguzo ya kona imehesabiwa mara mbili. Ondoa hizo nne, zibaki 130. Njia fupi ni kugawanya mzingo kwa 3, kwani uzio unapozunguka na kurudi ulipoanzia, nguzo huwa sawa na nafasi.

Sasa lango. Tuseme linaanza mita 60 kutoka kona moja. Hadi kona ya pili zitabaki mita 56, ambazo hazigawanyiki kwa 3. Zigawe katika nafasi 19 za karibu sentimita 295, wala usiache nafasi moja pana, kwa sababu waya hulegea hapo na mbuzi hupapata upesi. Nafasi zenye waya sasa ni 129, na lango ni ya 130. Nguzo basi ni zile zile 130, yaani 4 za kona, 2 za lango na 124 za kati.

Nazitenga kwa sababu nguzo za kona na za lango ndizo zinazobeba mvuto wa waya. Ziwe nene zaidi, zizame zaidi katika mchanga wetu, na ziwekewe miega: miwili kwa kila kona, mmoja kwa kila nguzo ya lango, jumla 10. Lango likianza kukwaruza ardhi, itazame nguzo yake, huenda imeinama.

Waya wa miba haupiti langoni, kwa hiyo mstari mmoja ni mita 386, na mistari mitano ni mita 1,930. Mwenye kununua roli nne za mita 480 atapata mita 1,920, na atapungukiwa na mita 10 kabla hata ya kufunga fundo moja. Ongeza asilimia 5 ya mafundo na vipande, upate takriban mita 2,027: roli tano za mita 480, au nne za mita 610. Soma urefu kwenye lebo, kwa kuwa roli zenye uzito mmoja huweza kutofautiana urefu kulingana na unene wa waya.