Herufi 160: kwa nini modeli haishiki kikomo, na nani amshikie

Asanteni, na karibuni viti vya mbele, huko nyuma hamtaona msimbo.

Nitazungumzia kazi moja tu, ndogo kabisa: modeli ya lugha inaandika meseji ya simu, na meseji isizidi herufi 160. Nimeichagua kwa sababu kikomo chake hakina huruma. Ukizidisha herufi moja, mtandao unaikata meseji vipande viwili na unalipia viwili. Hakuna cha "karibu karibu".

Mfano wetu ni shule inayowaita wazazi mkutanoni. Maelekezo yalisema: "Andika meseji fupi, isizidi herufi 160." Modeli ikatoa hii:

"Habari mzazi. Mkutano wa wazazi utafanyika Jumamosi saa 3 asubuhi ukumbini. Tafadhali fika mapema na ripoti ya mtoto. Karibu sana, tunathamini ushiriki wako katika maendeleo ya shule."

Hesabuni pamoja na nafasi: ni herufi 183. Imezidi kwa 23. Watu wengi wakiona hivi hurudi kwenye maelekezo na kupiga kelele: "LAZIMA! USIZIDISHE KAMWE!" Mimi pia nimezipiga. Nyakati nyingine zinasaidia kidogo, halafu meseji ya arobaini inazidi tena.

Modeli haizioni herufi. Kabla maandishi hayajaifikia hukatwa vipande viitwavyo tokeni, na kila kipande hugeuzwa namba. Neno kama "utafanyika" linaweza kuwa tokeni mbili, tatu au zaidi, kutegemea modeli, na Kiswahili hukatwakatwa kuliko Kiingereza kwa sababu modeli nyingi zilifunzwa kwa Kiingereza zaidi. Kwa hiyo unapomwambia "160", unampa kipimo cha kitu asichokishika mkononi. Ni kama kumwambia fundi apime ubao kwa uzito.

Kuna la pili. Modeli huandika ikienda mbele, tokeni moja baada ya nyingine, na ilichokwisha kutoa haikifuti. Wewe ukiandika meseji ukaona imezidi, unarudi nyuma kupunguza. Yenyewe ikifika herufi ya 150 huku sentensi iko katikati, inaimalizia tu.

Halafu angalieni ni sentensi gani imezidisha: "Karibu sana, tunathamini ushiriki wako..." Haina taarifa hata moja. Hiyo ni tabia ya mafunzo. Modeli hizi hunolewa kwa kuzingatia majibu ambayo watu waliyapendelea, na watu tumeonekana kupendelea jibu refu lenye adabu hata pale fupi lingetosha. Kwa hiyo urefu wa ziada mara nyingi hukaa mwanzoni na mwishoni: salamu, utangulizi, shukrani. Kumbukeni hilo la "mwishoni", nitalihitaji.

Na kabla hamjailaumu modeli, someni maelekezo yenu wenyewe. Niliwahi kuhangaika siku nzima na kikomo kisichoshikwa, kumbe mifano mitatu niliyoibandika chini ya maelekezo ilikuwa na herufi zaidi ya 190 kila mmoja. Kanuni ikisema hivi na mifano ikasema vile, modeli mara nyingi hufuata mifano. Kubainisha ni rahisi: iondoe mifano yote, endesha mara ishirini, uone urefu unashuka au la.

Sasa maelekezo yanayofanya kazi. Badilisha kipimo kiwe kile ambacho modeli inakiweza. Sentensi inaziweza vizuri, maneno kiasi, herufi vibaya. Basi iambie: "Andika sentensi tatu fupi. Ya kwanza itaje tukio, siku, saa na mahali. Ya pili itaje cha kuleta. Ya tatu ni ya adabu na inaweza kuondolewa. Anza na taarifa, usianze na salamu." Ukitaka kutaja herufi, omba 130, uache nafasi ya makosa. Na kanuni hizi ziweke mwisho, baada ya data ya shule, zisizikwe juu yake.

Mnaona nilichofanya hapo? Sijaiomba modeli ishike kikomo. Nimeiomba ipange maneno ili msimbo ukikata, usikate kitu cha maana. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaousimamia: kupanga ni kwa maelekezo, kuhesabu ni kwa msimbo.

Watu huniuliza, si kuna `max_tokens`, ile namba inayoweka mwisho wa tokeni ambazo modeli inaruhusiwa kutoa? Ipo, lakini haifupishi maandishi, inafunga mdomo. Modeli haijui kwamba inakaribia kufungwa, kwa hiyo unapata "fika mapema na rip". Ukiwa umeomba JSON ndiyo mbaya zaidi, maana mabano hayajafungwa na programu yako inaanguka. Iwekee namba kubwa kama kinga ya gharama, na ukague sababu ya kusimama: kwenye huduma nyingi `finish_reason` ikiwa `length`, jibu hilo limekatwa, litupe.

Msimbo wenyewe ni huu:

```python
import re

def safisha(s):
    for a, b in (("’", "'"), ("‘", "'"),
                 ("“", '"'), ("”", '"'), ("—", "-")):
        s = s.replace(a, b)
    return s.strip()

def fupisha(s, kikomo=160):
    while len(s) > kikomo:
        sentensi = re.split(r"(?<=[.!?]) ", s)
        if len(sentensi) == 1:
            return None
        s = " ".join(sentensi[:-1])
    return s
```

`fupisha` huondoa sentensi nzima ya mwisho, kamwe si nusu neno. Meseji yetu ya 183 inabaki na 117, na mzazi hajakosa lolote. Ikirudisha `None`, ndipo unairudia modeli, na usiseme "ni ndefu mno". Mpe namba: "Umeandika herufi 187, zimezidi 27. Ondoa maelezo ya usafiri, acha mengine." Jaribu mara mbili, si zaidi. Ikishindikana tuma kiolezo ulichokiandika mwenyewe, maana mzunguko usio na mwisho utakugharimu kuliko kipande cha pili cha meseji.

Ile `safisha` mnaiona kama urembo. Si urembo. Kikomo cha 160 ni cha alama zilizomo kwenye seti ya GSM-7. Ikiingia alama moja tu iliyo nje yake, meseji nzima huhamia seti nyingine, UCS-2, na kikomo kinashuka hadi 70. Na modeli hupenda kuandika ritifaa iliyopinda. Tuseme badala ya "ukumbini" imeandika "jengo la ng’ambo". Meseji ina herufi 125, `len` inasema salama, lakini kwa ile ritifaa moja ya ng’ inakwenda vipande viwili. Sisi wenye ng' katika lugha tunaumia zaidi hapo.

Ndiyo, dada wa pale nyuma. Anauliza kama kubana umbo moja kwa moja, ile njia ambayo huduma inaizuia modeli kutoa tokeni isiyolingana na skima, yaani maelezo ya umbo la jibu, haimalizi tatizo lote. Inamaliza la umbo: JSON itafungwa, jina la sehemu litakuwa sahihi, hutapata "Hakika, hii hapa:" mbele yake. Ninaitumia kila inapopatikana. Lakini `maxLength`, kikomo cha herufi ndani ya skima, haiheshimiwi kila mahali, na hata pale inapoheshimiwa, maandishi yanaweza kukatwa katikati ya neno kama kwa `max_tokens`. Kwa hiyo sehemu yenye meseji, tuseme `ujumbe`, ikishatoka kwenye JSON, bado ipitishe kwenye `safisha`, kisha `fupisha`, kwa mpangilio huo huo.