Jumatatu ipi?

FURAHA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha kutafsiri vichwa vya habari vya Kifaransa, wa Bukavu na mlio mbali. Baraka, wiki hii shemeji alitumiwa picha ya gazeti, kichwa cha habari peke yake: «Carburant : hausse attendue lundi, des stations seraient à sec». Chini mtu alishatafsiri: "Mafuta yapanda Jumatatu, vituo vimekauka." Shemeji akashuka Kadutu, akanunua mabidoni mawili kwa kadafi, muuza mafuta wa barabarani, bei ya kuruka.

BARAKA: Jumatatu ipi?

FURAHA: Ndiyo hiyo! Picha imekatwa juu. Jina la gazeti halipo, tarehe haipo.

BARAKA: Basi inaweza kuwa ya mwaka jana. Mwenye kutafsiri aandike kabisa: "Jumatatu, tarehe haionekani pichani."

FURAHA: Na "attendue" haisemi bei itapanda. Kuna anayeitarajia, na kichwa hakikumtaja. Kiswahili kinayo njia hiyo hiyo: "inatarajiwa kupanda". Mtarajiaji anabaki amefichwa, kama alivyofichwa mle.

BARAKA: Na "des stations" ni baadhi ya vituo. Ukiandika "vituo" tupu, msomaji wetu anaona vyote vya mji.

FURAHA: Shemeji aliviona vyote. Mabidoni yako sebuleni hadi sasa, nyumba nzima inanuka, na watoto wanalala humo.

BARAKA: Ayatoe leo, Yaya! Jiko likiwashwa karibu na mvuke ule, moto unashika.

FURAHA: Nimemwambia. Anasema anangoja Jumatatu.

BARAKA: Ipi?

FURAHA: (anacheka) Turudi kwa "seraient". Mwandishi wa Kifaransa akiweka kitenzi hivyo, anapokea habari ambayo hajaihakikisha. Mimi natafsiri "inasemekana baadhi ya vituo havina mafuta".

BARAKA: Mimi hapana. Hapa mjini "inasemekana" ni maneno ya barabarani. Umelishusha gazeti. Andika "huenda".

FURAHA: "Huenda" ni wewe unakisia! Mwandishi hakukisia, kuna mtu alimwambia. Tofauti ni kubwa.

BARAKA: Alimwambia nani? Kichwa hakisemi. "Inasemekana" inaniletea wasemaji ambao sijawaona.

FURAHA: Haiwataji. Inasema tu kwamba habari imetoka kwa wengine.

BARAKA: Msomaji wa Bagira akisoma "inasemekana" anatupa simu pembeni. Akisoma "huenda", anapita kituoni kuangalia.

FURAHA: Unatafsiri miguu ya msomaji, si gazeti. Habari ile ingetoka kwa mkubwa wa kituo, wewe umeifanya ubashiri wako.

BARAKA: Na ingetoka kwa dereva wa pikipiki, wewe umeipa mdomo wa watu wengi. Sibadiliki, Yaya.

FURAHA: Wala mimi. Tulikuwa na vichwa vingine viwili, kile cha daraja na kile chenye alama ya kuuliza, lakini fundi ananionyesha saa.

BARAKA: Mkitutumia picha, pigeni ukurasa mzima, tarehe ionekane, na kile kimstari kidogo juu ya kichwa msikikate. Wakati mwingine jina la msemaji liko pale.

FURAHA: Likiwepo pale, "huenda" yako imekufa.

BARAKA: Na "inasemekana" yako pia.